Gunia Lina Kilo Ngapi? Namna ya Kuandika Makubaliano ya Mdomo Bila Kumvunja Mwenzako Moyo

Msimu wa alizeti ukifika Singida, kuanzia Mei na kuendelea, biashara nyingi hufungwa kwa mdomo. Mnunuzi anafika nyumbani na pikipiki, anachota punje kiganjani, anazitafuna mbili tatu kusikia kama zimekauka, mnataja bei, mnapeana mikono. Sina ugomvi na utaratibu huo. Unaenda haraka, na hauhitaji wakili. Ugomvi ninaouona ukirudi msimu baada ya msimu hautokani na wezi, unatokana na watu wawili waungwana walioachana kila mmoja akiwa na hesabu yake kichwani.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme wewe ni mkulima wa Mtinko na mnunuzi wako ni kijana mwenye mashine ya kukamua Singida mjini. Mmekubaliana magunia 40, bei shilingi 65,000 kwa gunia. Bei hii ni ya mfano tu, ya kurahisishia hesabu. Wewe kichwani unaona gunia la alizeti la kawaida, lililofungwa vizuri, ambalo hukaa kwenye kilo 65 hivi, kwa sababu alizeti ni nyepesi na haiwezi kujaza kilo 100 kwenye gunia linalobeba kilo 100 za mahindi. Yeye kichwani anaona gunia lililoshindiliwa na kuongezwa kilemba, lumbesa, lenye kilo 75. Tofauti ni kilo 10 kwa kila gunia, kilo 400 kwa mzigo mzima. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 400,000, na hakuna kati yenu aliyesema uongo. Siku ya kupakia kila mmoja atamwona mwenzake ni tapeli.

Dawa ni kuyaandika mliyopatana kwenye ujumbe wa kuthibitisha mkishaachana, na kazi ya kwanza ya ujumbe huo ni kuangalia kama kweli mmekubaliana. Kumbana mtu ni jambo la baadaye, na mara nyingi halifiki. Ukiliingia jambo kwa nia hiyo, hata lugha yako itabadilika bila kuilazimisha.

Andika siku hiyohiyo, jioni ileile. Ujumbe unaofika saa chache baada ya kuachana husomeka kama mwendelezo wa mazungumzo. Ukikaa siku nne ndipo uandike, mwenzako ataanza kujiuliza umesikia nini, nani amekutia maneno. Na kumbukumbu za wote wawili zitakuwa zimeshaanza kwenda njia tofauti.

Kisha toa sababu ya kuandika, na sababu hiyo iwe ya kweli na iwe ya kazi. Unahitaji kuwaita vijana wa kupakia, kwa hiyo lazima ujue gari linafika saa ngapi. Unahitaji kumwambia mwenzi wako nyumbani kiasi kinachobaki kwa chakula na mbegu. Unahitaji kutafuta magunia matupu. Hizi zote ni sababu ambazo mnunuzi anazielewa kwa kuwa na yeye ana dereva wa kumpanga. Kinachochoma ni kuandika "kwa ajili ya ushahidi", au "ili baadaye tusikanane", au "kama ulivyoahidi mwenyewe". Maneno hayo yanamhukumu mtu kwa kosa ambalo hajalifanya. Hata kumwingiza mtu wa tatu kwenye mazungumzo, kwa mfano kuutupa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la ushirika bila kumwambia, kunamfanya aone kwamba umemwita barazani.

Jambo la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote: anza na deni lako. Taja kwanza wewe utafanya nini, ndipo utaje yeye atafanya nini. Mtu akisoma kwamba umejifunga wewe kabla ya kumfunga yeye, moyo unatulia. Ujumbe wa jioni ile unaweza kuwa hivi:

"Habari za jioni kaka. Asante kwa kufika nyumbani leo. Nayaandika tuliyopanga ili nijipange na vijana wa kupakia. Mimi: nitakuwa na alizeti kavu iliyopepetwa, kama kilo 2,600, tayari hapa nyumbani Jumamosi tarehe 14 Juni. Magunia matupu natoa mimi. Wewe: unanunua kilo moja kwa shilingi 1,000, tunapima kwa mizani yako hapa nyumbani kabla ya kupakia, gari na ushuru wa mazao ni juu yako. Leo umenipa 500,000 ya kutangulia. Inayobaki unalipa siku hiyohiyo tukimaliza kupima. Kuna kitu nimesahau au nimekisikia vibaya? Na gari lije saa 2 asubuhi au saa 6 mchana?"

Ona kilichotokea kwa gunia: limetoka kwenye bei. Magunia yamebaki vyombo vya kubebea, na bei imekaa kwenye kilo. Kama mlipatana kwa gunia, usibadilishe kimyakimya. Uliza: "Tulisema 65,000 kwa gunia. Mimi nilielewa gunia la kilo 65, ndiyo maana nimeandika 1,000 kwa kilo. Ni sawa?" Swali hilo halina ubaya wowote, na jibu lake linaweza kukuokolea zile 400,000. Lakini ukiiandika kilo kana kwamba ilitamkwa, wakati haikutamkwa, umeingiza sharti jipya kwa mlango wa nyuma, na akiligundua hatausoma tena ujumbe wako kwa moyo mweupe. Sharti ambalo hamkulizungumza liandike kama swali.

Ona pia tarehe. "Jumamosi" peke yake haitoshi. Ijumaa ikifika kuna atakayesema alimaanisha Jumamosi ya wiki ijayo. Siku na tarehe zikienda pamoja hujikagua zenyewe. Na saa ziandike pamoja na "asubuhi" au "jioni", maana gari la saa 12 limeshawahi kusubiriwa alfajiri likaja magharibi.

Sasa lile swali la mwisho, la saa 2 au saa 6. Halikuwekwa pale kwa bahati. Ukimaliza ujumbe kwa "naomba uthibitishe", mtu mwenye shughuli ataona ameletewa kazi ya ofisi, ataacha kwanza. Ukimaliza kwa swali dogo ambalo yeye mwenyewe anahitaji lijibiwe ili kazi yake iende, atajibu palepale, na akijibu "saa 2" chini ya ujumbe wote ule bila kupinga kitu, amezungumza kama mtu aliyeyakubali yaliyo juu yake. Kukaa kimya ni jambo jingine. Kimya si kukubali, wala zile alama mbili za buluu hazisemi zaidi ya kwamba ujumbe umefunguliwa. Asipojibu hadi kesho yake, mpigie simu, salimianeni, muulize, kisha andika mstari mmoja: "Asante kaka kwa kupokea simu. Basi gari ni saa 2 asubuhi, na mengine ni kama nilivyoandika jana."

Mara nyingi jibu litakuja na marekebisho. "Sawa, saa 2. Ila wapakiaji ni juu yako, mimi naleta gari na dereva tu." Watu wengi hapa hukasirika. Mimi ningefurahi. Hilo ndilo jambo ambalo lingelipuka Jumamosi asubuhi vijana wakiwa wameshabeba gunia la tano, na sasa limejitokeza mkiwa mmekaa, kila mtu kwake, hakuna jua wala jasho. Kama unakubali, jibu kwa kulitaja: "Sawa, wapakiaji ni juu yangu. Mengine yabaki vilevile." Usijibu "sawa" tupu, kwa sababu baadaye haitajulikana ilikuwa sawa ya lipi. Na kama marekebisho ni matatu au manne, uandike ujumbe wote upya, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili pawe na mahali pamoja pa kusoma.

Fedha ya kutangulia nayo ina mambo yake. Akikutumia 500,000 kwa simu, meseji ya kampuni ya simu itaonyesha kiasi, saa na jina la aliyeisajili laini. Haitaonyesha fedha hiyo ni ya nini. Inaweza kuwa sehemu ya bei, inaweza kuwa mkopo, inaweza kuwa amana ya kurudishwa akikosa gari. Kwa hiyo fedha ikiingia tu, jibu: "Imefika 500,000, ni ya kutangulia kwenye alizeti ya tarehe 14. Asante." Na ikitoka kwenye laini yenye jina usilolijua, la mke wake au la kijana wa dukani, litaje jina hilo kwenye jibu lako na useme fedha imepokelewa kwa niaba yake. Huku kwetu watu hutumia laini za ndugu kila siku, na baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka jina lile lilihusiana vipi na mzigo wako.

Hapa sheria inaingia, na nitaigusa pale tu inapokuhusu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua makubaliano ya mdomo kuwa mkataba. Lakini kwa mauzo ya bidhaa kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo kwa bidhaa yenye thamani ya shilingi 200 na kuendelea inataka kimoja kati ya mambo haya kabla hujaweza kudai mahakamani: mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au awe ametoa kitu cha kufunga mapatano au sehemu ya malipo, au pawe na maandishi yaliyosainiwa na yule anayedaiwa au wakala wake. Shilingi 200 leo hainunui kitu cha maana, kwa hiyo kila gunia la alizeti linaguswa. Ile 500,000 inakusaidia kuonyesha kwamba mapatano yapo. Haisemi bei ilikuwa ngapi wala kilo ngapi. Hayo yanaonyeshwa vizuri zaidi na maandishi, na yenye nguvu zaidi ni yale yaliyotoka kwake, ndiyo maana jibu lake lina uzito kuliko ujumbe wako.

Maandishi ya simu nayo yanahesabika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazuia ujumbe kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila mahakama itaangalia ulitoka kwa nani na ulitunzwaje. Kwa hiyo usifute mazungumzo ili kupata nafasi kwenye simu, zima mpangilio wa WhatsApp unaofuta ujumbe wenyewe baada ya muda, na usiridhike na picha ya skrini peke yake ilhali ujumbe wenyewe umepotea. Yanakili pia kwenye daftari, kwa tarehe. Simu huanguka kisimani, na daftari hukaa sandukuni.

Ukiipeleka alizeti yako mwenyewe kwenye mashine ya kukamua, ujumbe unaweza kuwa mfupi zaidi, lakini usiuache, kwa sababu ya mashudu. Kuna mashine ambako mkulima analipa ada ya kukamua na kuondoka na mafuta pamoja na mashudu yake. Kuna nyingine ambako halipi kitu mkononi, mashudu yanabaki kwa mwenye mashine kama malipo. Zote ni taratibu halali, na mwenye mashine anadhani kila mtu anaujua wa kwake. Mashudu ni chakula cha mifugo chenye soko, mwenye ng'ombe au kuku hawezi kuyaacha bila kuuliza. Ukishaacha mzigo, andika: "Nimeacha magunia 6, kilo 390 kwa mizani yako. Mashudu yanabaki kwako badala ya ada, mimi nachukua mafuta yote kesho jioni kwa madumu yangu. Nimeelewa sawa?" Imetosha.

Lakini si kila mtu anaandikiwa meseji. Ukipatana na mzee, tuseme baba mdogo wako aliyekubali kukukodisha ekari 3 kwa msimu mmoja, ujumbe wa simu unaweza kumuudhi hata ukiwa mzuri namna gani. Ataona mtoto wa kaka yake ameshindwa kuja. Nenda mwenyewe, na daftari mkononi. Baada ya salamu na habari za nyumbani, sema: "Baba, nimeyaandika yale uliyonieleza, naomba nikusomee unisahihishe, nisije nikalima nje ya mpaka." Hapo umempa nafasi yake, yeye ndiye anayejua na wewe ndiye unayesahihishwa. Msomee polepole: ekari 3, kutoka mti ule hadi kwenye njia ya ng'ombe, msimu mmoja hadi mavuno ya mwaka kesho, kiasi cha fedha na lini, mabua yanabaki kwa ng'ombe wa nani. Hilo la mabua ndilo husahaulika. Wewe unahesabu kuyakusanya kwa ng'ombe wako, naye siku zote baada ya mavuno hufungulia mifugo yake ipite ikila shambani.

Asipojua kusoma, awepo mtu anayemwamini yeye, mwanawe au jirani yake, naye asome kwa sauti. Mtu wako peke yako hafai hata akiwa mwaminifu. Andika nakala mbili zilizo sawa neno kwa neno, kila mmoja aweke saini au dole gumba, na nakala ya mzee ibaki kwake palepale, usiondoke nayo kwa ahadi ya kuirudisha. Mzee akiwa na karatasi ileile uliyonayo wewe, hana sababu ya kujiuliza umeandika nini.

Mpaka huu uujue vizuri, kwa sababu unawaumiza watu: kukodi kwa msimu ndani ya ukoo ni jambo moja, kununua ardhi ni jingine kabisa. Ujumbe wa simu na karatasi ya daftari havihamishi shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mapatano ya kuhamisha haki ya ardhi yawe kwa maandishi, na kwenye ardhi ya kijiji halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo. Hata kukodi, kama muda unazidi msimu au mkodishwaji si mtu wa kijiji hicho, anzia kwa mtendaji wa kijiji. Mambo kama hayo nenda nayo ofisini, na mwambie mzee mapema kwamba mtaenda pamoja.

Kuna wakati pia ujumbe wa kuthibitisha umeshapitwa. Kama mmeshagombana, kuandika "kama tulivyokubaliana siku ile" ni kurusha jiwe. Hapo andika kwamba mmeelewa tofauti, taja wewe ulielewa nini, omba mkutane. Na kamwe usiandike leo ukaweka tarehe ya mwezi uliopita. Hata kama unachoandika ni kweli tupu, tarehe ya uongo itaiharibu kweli yenyewe.

Turudi Mtinko, Jumamosi tarehe 14. Mizani ya mnunuzi imeshuka kwenye gari. Itazame kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, na muanze kwa kuipima ikiwa tupu mkiwa wote wawili mmesimama, irudi kwenye sifuri. Kisha kila gunia linapotoka mizanini, kilo zake ziandikwe kwenye daftari kwa namba ya gunia: 1, kilo 64, 2, kilo 66, hadi la mwisho. Asomaye mizani awe mmoja, aandikaye awe mwingine, mmoja wa kwako na mmoja wa kwake. Kila magunia 10 simameni mjumlishe. Kosa la kujumlisha likigundulika kwenye gunia la 10 linarekebishwa kwa kalamu, likigundulika kwenye la 40 linataka hesabu yote irudiwe.

Tuseme mwisho wake ni kilo 2,564, pungufu kidogo ya zile 2,600 ulizokisia. Bei yote ni shilingi 2,564,000, ukitoa ya kutangulia 500,000 inabaki 2,064,000. Analipa, vijana wanafunga turubai. Kabla gari halijatoka uani, au akiwa bado njiani kurudi mjini, andika ujumbe wa kufunga, huu ambao karibu kila mtu huusahau kwa kuwa fedha iko mkononi: "Asante sana kaka. Tumepima kilo 2,564 kwa shilingi 1,000. Nimepokea 500,000 ya kwanza na leo 2,064,000. Mzigo umepakiwa wote ukiwa mzima, hatudaiani. Msalimie dereva, mfike salama."